Kopo la maziwa lenye anwani ya Dubai: kiwanda kiko wapi?

*Habari mtaalamu. Nina duka la rejareja Mbagala. Msambazaji ameniletea makopo ya maziwa ya unga ya gramu 900. Lebo ina anwani ya Dubai na msimbopau unaanza na 629, lakini pembeni kuna kiduara kimeandikwa FR 14.342 na tarakimu nyingine zilizofifia, halafu CE. Mteja mmoja anasema ni maziwa ya Dubai, mwingine anasema ni feki. Yametengenezwa wapi hasa, na nitajuaje kama hiyo anwani ni ya kweli?*

Dada yangu, hicho kiduara ndicho kinachojibu swali lako. Kinadai kwamba maziwa yametoka kwenye kiwanda kilichopo Isigny-sur-Mer, mji mdogo wa Normandi, kaskazini mwa Ufaransa. Anwani ya Dubai inaelekea kuwa ya kampuni yenye chapa, yaani aliyeagiza kiwanda kimtengenezee na kumwekea jina lake. Mambo hayo mawili hayapingani, na kwa hilo peke yake huwezi kuyaita maziwa hayo feki. Nimesema "kinadai" kwa sababu wino wa lebo unaweza kuandika chochote. Kazi iliyobaki ni kuangalia kama maelezo ya kopo yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe, kisha kama yanakubaliana na madaftari ambayo mchapishaji wa lebo hana namna ya kuyagusa.

Nianze na msimbopau, kwa kuwa ndio watu wengi wanaouamini, na kwa swali lako ndio wenye msaada mdogo kuliko vyote. Tarakimu 629 maana yake ni kwamba kampuni ilichukua namba zake kwa tawi la GS1 la Falme za Kiarabu. GS1 ni shirika la kimataifa linalogawa namba hizi kupitia matawi yake: 620 hutolewa Tanzania, 616 Kenya, 690 hadi 699 China, 890 India, 300 hadi 379 Ufaransa. Kampuni ya Dubai inaweza kutengenezewa bidhaa Ufaransa, Malaysia au hapa hapa Vingunguti, na msimbo ukabaki 629. Kwa hiyo anayesema "ni 629, basi ni ya Dubai" amepata nusu tu ya habari. Amejua namba imesajiliwa wapi. Bidhaa ilitengenezwa wapi bado hajajua.

Hata hivyo msimbo usiutupe, kuna mambo mawili unayoweza kuuliza. La kwanza unalifanya kwa kalamu. Tarakimu ya mwisho, ya 13, hupatikana kwa kukokotoa zile 12 za mbele. Chukua namba ambayo GS1 wenyewe huitumia kufundishia, 6291041500213. Kuanzia kushoto, tarakimu ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi ya 12. Ukijumlisha unapata 57. Ili kufika kwenye kumi inayofuata, yaani 60, inapungua 3, na 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Namba ya kopo lako isipotimia hivi, kwanza hakikisha umeisoma sawasawa. Kama umeisoma sawa na bado haitimii, aliyechapa lebo alijibunia namba. Lakini ikitimia usishangilie, maana mwizi aliyenakili lebo nzima amenakili na msimbo wake.

La pili ni kuingia kwenye tovuti ya GS1, sehemu iitwayo Verified by GS1, na kuandika tarakimu zote 13. Itakuletea jina la kampuni iliyopewa namba hiyo, na mara nyingi anwani yake. Utafutaji ni bure kwa idadi fulani kwa siku. Linganisha jina utakaloliona na jina la Dubai lililoko kwenye lebo. Likiwa lile lile, umethibitisha kwamba mwenye chapa ndiye mwenye namba. Likija jina la kampuni nyingine kabisa, inayouza sabuni au viatu kwa mfano, hapo umeshika kitu kizito. Ikija namba bila maelezo ya bidhaa, hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa kampuni nyingi zimechukua namba lakini hazijajaza taarifa za kila bidhaa.

Sasa tuje kwenye kiduara. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 853 ya mwaka 2004, unakitaka kila kiwanda kinachoshughulika na vyakula vitokanavyo na wanyama, yaani maziwa, nyama, samaki na jamii hiyo, kiwe kimekaguliwa, kimeidhinishwa na kimepewa namba. Namba hiyo huwekwa kwenye alama yenye umbo la yai: juu herufi za nchi, katikati namba ya kiwanda, chini kifupi cha Umoja wa Ulaya kwa lugha ya nchi husika. Wafaransa huandika CE, Waairishi EC, Wajerumani EG. Usiichanganye CE hiyo na ile iliyoko kwenye chaja na pasi za umeme, ambayo mtengenezaji huiweka mwenyewe kutangaza kwamba kifaa kinatimiza masharti ya Ulaya. Hii ya ndani ya yai imefungamana na kiwanda kimoja chenye jina, mtaa na geti.

Jambo linaloipa alama hii uzito ni kwamba huwekwa na kiwanda cha mwisho kilichoigusa bidhaa. Maziwa yakitengenezwa kiwanda kimoja kisha yakafunguliwa na kufungashwa upya kiwanda kingine, alama inayopaswa kuonekana kwa mnunuzi ni ya kile cha pili. Na herufi CE haziwekwi na kiwanda kilicho nje ya Umoja wa Ulaya. Hapa pana mtego unaoweza kuutega mwenyewe dukani. Geuza kopo usome maandishi madogo yote. Ukikuta mahali pameandikwa "Packed in UAE", na kwenye kopo hilo hilo pana yai lenye FR na CE, basi kopo linajipinga. Unga wa Ufaransa unaweza kweli kusafirishwa hadi Dubai kwenye mifuko ya kilo 25 na kujazwa kwenye makopo huko, na biashara hiyo ni halali. Lakini yai la Kifaransa hubaki kwenye mfuko, halihamii kwenye kopo lililojazwa Dubai. Lebo yako ikisema "Produced for" au "Manufactured for" likifuatiwa na jina la Dubai, na "Product of France" ikawepo, hapo mambo yanakwenda pamoja.

Tuisome namba yenyewe. Ufaransa imeipanga vizuri kuliko nchi nyingi, na hii ni bahati yako. Tarakimu mbili za kwanza ni za jimbo: 14 ni Calvados, huko Normandi. Tatu zinazofuata ni za mji au kata ndani ya jimbo hilo. Ukiziunganisha unapata 14342, ambao ni msimbo wa takwimu wa Isigny-sur-Mer, mji unaojulikana kwa maziwa na siagi, kiasi kwamba jina la siagi yake linalindwa kisheria tangu 1986. Tarakimu tatu za mwisho, zile zilizofifia kwako, ndizo zinazotaja kiwanda chenyewe ndani ya mji huo.

Watu wengi hukwama hapa kwa sababu wanaichukua 14342 kama msimbo wa posta. Wanaiandika kwenye ramani, haitokei Isigny, wanahitimisha kwamba lebo ni ya uongo. Msimbo wa posta wa Isigny-sur-Mer ni 14230. Miji ya Ufaransa ina namba mbili tofauti, moja ya ofisi ya takwimu na nyingine ya posta, na alama ya kiwanda hutumia ile ya takwimu. Ukikuta kwenye anwani pameandikwa 14230 na kwenye yai 14.342, usione kasoro. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Zile tarakimu zilizofifia usizikisie. Zima taa ya juu, washa tochi ya simu, uilaze ubavuni mwa kopo ili mwanga upite juu ya maandishi kwa mshazari, kisha piga picha kwa simu nyingine na uikuze. Zikikataa, chukua kopo jingine la katoni ile ile, au angalia katoni yenyewe kwa nje, ambako alama mara nyingi huchapwa tena kwa herufi kubwa. Na kama makopo yote ya katoni yana yai lililofifia mahali pale pale ilhali maandishi mengine ni safi, liandike hilo pembeni. Uchapaji wa kiwandani hauharibiki kwa kuchagua.

Ukishapata namba kamili, nenda kwenye orodha. Wizara ya Kilimo ya Ufaransa huchapisha viwanda vyote vilivyoidhinishwa, vikiwa vimegawanywa kwa mafungu, na maziwa yapo fungu la IX. Tovuti ya Kamisheni ya Ulaya nayo ina ukurasa wenye viungo vya orodha za nchi zote wanachama. Fungua faili la maziwa, utafute ndani yake:

```
14.342
```

Utaona mstari mmoja au zaidi, na kila mstari una namba ya kuidhinishwa, jina la kampuni, anwani, msimbo wa posta, mji, na namba iitwayo SIRET. Una pia safu ya kazi inayofanyika pale. Herufi PP ni kiwanda cha kusindika, CC ni kituo cha kukusanyia maziwa, RW ni mahali pa kufungasha upya. Safu hii wengi huiruka, nami naiona ni muhimu kama jina lenyewe. Kopo linalotamba kwamba limetoka kwa mtengenezaji, wakati namba yake kwenye orodha ni ya RW peke yake, limetoka kwa mfungashaji. Maziwa yanaweza kuwa mazuri tu, ila unga ulikaushwa kwingine.

Namba ya SIRET ina tarakimu 14: tisa za kwanza ni za kampuni, tano za mwisho ni za jengo au tawi husika. Iandike kwenye daftari la wazi la makampuni ya Ufaransa:

```
annuaire-entreprises.data.gouv.fr
```

Hapo utaona kama tawi hilo linafanya kazi au limefungwa, lilianza lini, na anwani yake rasmi. Sasa una anwani mbili kutoka mikono miwili tofauti, wizara na msajili wa makampuni, na hakuna kati yao aliyechapa lebo yako. Zikikubaliana, fungua ramani yenye picha za setilaiti. Kiwanda cha maziwa ya unga hakijifichi. Kina jengo refu kuliko mengine kwa ajili ya mnara wa kukaushia, matangi ya chuma yaliyosimama mstari, na uwanja mpana wa malori ya maziwa. Ukiangukia kwenye nyumba ya kuishi au ofisi ya ghorofa mbili katikati ya mji, rudi ukasome namba tena, huenda umebonyeza makao makuu badala ya tawi.

Nchi nyingine hupanga namba kwa namna yake. Ujerumani huweka herufi za jimbo, kwa mfano BY ni Bavaria na NI ni Saksonia ya Chini, na viwanda vya maziwa vya Uholanzi namba zao huanza na Z. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, Musoma na Kisumu vinavyouza Ulaya navyo vina namba za kuidhinishwa kwenye orodha ya Kamisheni ya nchi zisizo wanachama, lakini alama yao haina EC. Ukikuta pakiti ya samaki wa Ziwa Victoria ina EC ndani ya yai, ama ilifungashwa upya Ulaya au mtu amechora tu.

Baada ya yai, geuza kopo chini. Kanuni ya kimataifa ya lebo za vyakula, ile ya Kodeksi ya 1985 ambayo nchi zetu nazo huifuata, inasema kila chombo kiwe na alama ya kudumu inayotambulisha kiwanda na toleo, kwa maneno ya wazi au kwa msimbo. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu jina na anwani ya mmoja tu: mtengenezaji, mfungashaji, msambazaji, mwagizaji au muuzaji. Ndiyo maana lebo yako inaweza kuwa na anwani ya Dubai pekee na isivunje masharti. Kiwanda kimejificha kwenye msimbo.

Tuseme chini pameandikwa L5127 B 14:32, tarehe ya kutengenezwa 07/05/2025, mwisho wa matumizi 07/05/2027. Viwanda vingi huandika toleo kwa tarakimu ya mwaka ikifuatiwa na siku ya mwaka. Hapa 5 ni 2025 na 127 ni siku ya 127. Januari hadi Aprili mwaka huo ni siku 120, kwa hiyo siku ya 127 ni tarehe 7 Mei. Imekubaliana na tarehe iliyochapwa. Herufi B inaweza kuwa mstari wa uzalishaji au, kwa kampuni yenye viwanda kadhaa, kiwanda chenyewe. Ikiwa ni kiwanda, kwenye lebo pana sentensi ndogo inayoeleza kwamba A ni mji fulani na B mji mwingine, na mji huo lazima ulingane na yai. Mtindo huu hauko kila mahali, kila kiwanda kina wake, kwa hiyo toleo lisilosomeka hivi si kosa. Kosa ni toleo linalosomeka kisha likatoa tarehe nyingine, au tarehe iliyopigwa juu ya alama za kufutwa kwa spiriti.

Sasa anwani ya Dubai. Kuona S.L.P. tu bila nyumba kusikutie wasiwasi, kwa kuwa huko barua kwa desturi huenda sandukuni kama kwetu. Kinachotafutwa ni leseni ya biashara. Falme za Kiarabu zina daftari la taifa la uchumi mtandaoni, ambamo unaweza kutafuta jina la kampuni na kuona kama leseni ipo hai. Kama lebo inataja Jebel Ali, ile ni kanda huru yenye mamlaka yake tangu 1985, na leseni yake hutolewa na mamlaka hiyo. Namba ya simu usiichukue kwenye lebo. Ichukue kwenye daftari au tovuti rasmi ya kampuni, kwa sababu aliyeghushi anwani hashindwi kuweka simu ya kaka yake.

Kwa kiwanda, andika barua pepe fupi kwa anwani uliyoipata mwenyewe, kwa Kiingereza au Kifaransa: jina la chapa, uzito, namba ya toleo, tarehe, picha ya yai na ya chini ya kopo. Uliza jambo moja tu: je, toleo hili ni lenu? Ukiuliza wanamtengenezea nani na kwa bei gani hawatajibu, maana hiyo ni siri ya mteja wao. Lakini swali la toleo linahusu usalama wa chakula, na idara ya ubora ina sababu yake yenyewe ya kutaka kujua kama namba yao inazungushwa na mtu mwingine.

Mwisho ni hapa nyumbani, na kwa duka lako hapa ndipo pa kubana zaidi, kwa sababu msambazaji yuko karibu. Mwombe jina la mwagizaji na usajili wa bidhaa kwa TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vyakula baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Jina la mwagizaji litafute kwenye mfumo wa wakala wa usajili wa makampuni, BRELA. Anwani yake ikiwa na msimbo wa posta, wa Dar es Salaam huanza na 1, wa Mwanza na 33, wa Zanzibar na 7. Stika inayosema Kariakoo ikiwa na msimbo unaoanza na 33 imeandikwa na mtu asiyejua anaandika nini. Jina la mtaa na namba ya jengo unaweza kuzitafuta kwenye mfumo wa anwani za makazi, NaPA. Halafu angalia stika ya mwagizaji imebandikwa juu ya nini: ikiwa imefunika yai, tarehe au jina la nchi, iambue kwenye kopo moja mbele ya msambazaji.

Hayo yote yanahusu kopo lililofungwa. Maziwa yanayochotwa na kupimwa kwenye mifuko ya nailoni hayana kiwanda unachoweza kukifuatilia, hata kama mfuko mkubwa ulikuwa na yai safi. Na yai hulikuti kwenye sabuni, vipodozi au betri; huko utabaki na msimbopau, jina la kampuni na madaftari ya wasajili.

Ukikuta vipande viwili vimepingana, kwa mfano namba haipo kwenye orodha na toleo halikubaliani na tarehe, acha kuuza, weka makopo mawili bila kuyafungua pamoja na katoni na risiti ya msambazaji, kisha wapelekee TBS. Risiti itaje namba ya toleo. Kama haikuitaja, mwambie aiandike na kutia sahihi kabla hajaleta mzigo mwingine.